Kitufe Hakipigi Simu

Tuchukue duka moja la spea za pikipiki, Kariakoo. Mwenye duka ametengenezewa programu ya simu. Kila spea ina picha yake, bei yake, na chini kuna vitufe viwili: "Piga simu" na "WhatsApp". Fundi aliyeko Ifakara anatafuta kabureta ya Boxer 150. Anaiona, anabonyeza kitufe cha kijani, WhatsApp inafunguka ikiwa tayari na jina la duka na ujumbe ulioandikwa. Anabonyeza kutuma, na muuzaji anajibu. Hakuna aliyehifadhi namba ya mwenzake wala kunakili kitu.

Wengi hudhani kitufe kile kimepiga simu, au kimetuma ujumbe. Hakijafanya hata kimoja. Programu ya duka haina uwezo wa kuandika ndani ya WhatsApp, wala haijui kupiga simu. Inachofanya ni kuandaa anwani moja fupi na kuukabidhi mfumo wa simu, Android au wa iPhone, ukiuliza: nani hapa anayejua kufungua anwani ya namna hii? Mfumo unamtafuta mwenye kazi hiyo, unamfungua, na programu ya duka inabaki nyuma. Kuanzia hapo mteja yuko mikononi mwa mwingine.

Anwani zenyewe ni fupi kiasi cha kushangaza. Namba hii ni ya mfano tu:

```
tel:+255700000000
https://wa.me/255700000000
```

Ya kwanza inafungua sehemu ya kupigia simu, namba ikiwa imeshaandikwa. Ya pili inafungua mazungumzo ya WhatsApp na mwenye namba hiyo, hata kama hayumo kwenye orodha ya majina ya mteja. Ukiviondoa vitufe, rangi na picha, kazi yote ya mawasiliano imo kwenye mistari hii miwili. Ndiyo maana kosa dogo la kuiandika, sifuri moja iliyozidi au nafasi isiyotakiwa, linatosha kukiua kitufe.

Malalamiko ya kwanza kumfikia mwenye duka huwa yanafanana kila mahali.

"Kijana wangu, mbona wateja wanasema namba yangu haipo WhatsApp? Mimi nachati humo tangu asubuhi."

"Samahani mzee, kwenye ile fomu ya programu uliiandikaje namba?"

"Kama ilivyo kwenye kibao cha duka."

Kibao cha duka kimeandikwa kwa ajili ya macho ya mpita njia. Kinaweza kusema 0700 000 000, au 0700-000-000, au +255 (0) 700 000 000, na binadamu ataelewa zote. Anwani haielewi. Anwani ya `wa.me` inataka tarakimu tupu zinazoanza na msimbo wa nchi: bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi, bila kistari, bila mabano, na bila alama ya jumlisha. Anwani ya `tel:` yenyewe inavumilia vistari na mabano, haivumilii nafasi, na inapendeza zaidi ikiwa na alama ya jumlisha. Namba moja, miandiko miwili. Mtengenezaji programu akichukua kilichoandikwa kwenye fomu na kukibandika kama kilivyo, kitufe kimoja kitafanya kazi na kingine kitagoma, na kwa siku nzima atakuwa anaitafuta hitilafu mahali ambapo haipo.

Ile sifuri ya mwanzo inastahili tuisimamie kidogo. Sifuri ni ishara kwa mtandao wa ndani ya nchi kwamba unapiga ndani ya nchi. Si sehemu ya namba inapoandikwa kimataifa. Ukiweka 255 mbele yake bila kuitoa, unapata 2550700000000, tarakimu 13, na hiyo si namba ya mtu yeyote. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ikiandikwa kimataifa ina tarakimu 12: tatu za nchi na tisa za mwenye laini. Kenya ni hivyo hivyo kwa 254, na Uganda kwa 256. Kanuni ya dunia, inayoitwa E.164, hairuhusu namba yoyote kuzidi tarakimu 15.

Ukiiacha namba na sifuri yake kwenye kitufe cha kupigia, `tel:0700000000`, itafanya kazi vizuri Kariakoo, itafanya kazi Ifakara, na mtengenezaji ataapa kuwa kila kitu kiko sawa. Shida iko mpakani. Kenya na Tanzania zote zina namba za mkononi zinazoanza na 07, zote zenye tarakimu kumi. Fundi wa Namanga aliyeweka laini ya Kenya akibonyeza kitufe hicho, simu italia kwa Mkenya asiyejua hata kabureta ni nini, au itajibiwa kuwa namba haipo. Watu wazima wa mipakani wanazikumbuka 005, 006 na 007, namba fupi zilizotumika kupiga Kenya, Uganda na Tanzania kutoka nchi jirani. Alama ya jumlisha imeondoa haja ya kukumbuka hayo yote: mtandao wowote ulipo unaisoma kama "hii ni simu ya kimataifa" na kuibadilisha wenyewe kuwa msimbo wa kutokea nje.

Kwa hiyo dawa ni kuisafisha namba pale inapoingia, mara moja, na kuihifadhi kwa mwandiko mmoja wa tarakimu tupu. Kitufe cha simu kitaweka `tel:+` mbele yake, kitufe cha WhatsApp kitaweka `https://wa.me/`. Usafishaji wenyewe si mrefu:

```
let n = namba.replace(/\D/g, "");
if (n.length === 10 && n[0] === "0") n = "255" + n.slice(1);
if (n.length === 9) n = "255" + n;
const sahihi = n.length === 12 && n.startsWith("255");
```

Mstari wa kwanza unatupa kila kisicho tarakimu. Wa pili unaondoa sifuri na kuweka 255. Wa tatu unamsaidia aliyesahau sifuri. Wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote, kwa sababu unakataa. Mzee wetu na kibao chake cha "+255 (0) 700" atapata tarakimu 13, `sahihi` itakuwa hapana, na fomu itamwambia hapo hapo aiandike upya. Ni afadhali mwenye duka asumbuliwe mara moja kwenye fomu kuliko wateja wasumbuliwe kila siku. Kichujio hiki ni cha namba za mkononi za Tanzania tu. Namba fupi za tarakimu tatu, kama 112 ya dharura, hazipitishwi humu. Hizo huachwa kama zilivyo, na hazipewi kitufe cha WhatsApp.

Sasa tuje kwenye kupiga. Kwenye Android kuna maombi mawili yanayofanana kwa jina lakini yaliyotofautiana sana kwa tabia. Moja, `ACTION_DIAL`, linafungua sehemu ya kupigia simu na kuandika namba, kisha linamwachia mteja abonyeze mwenyewe kile kitufe cha kijani cha kupiga. Lingine, `ACTION_CALL`, linapiga moja kwa moja. Watengenezaji wageni hulipenda la pili kwa kuwa linapunguza mbonyezo mmoja. Gharama yake ni kwamba linahitaji ruhusa iitwayo `CALL_PHONE`, na tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 ruhusa ya aina hiyo huombwa mbele ya mteja, kwenye kisanduku kinachouliza kama anakubali programu ipige na kusimamia simu zake. Fundi aliyetaka tu kuuliza bei ya kabureta anakutana na swali hilo na anasita, na akisita mteja ameshapotea.

Kuna sababu nyingine za kumwachia mteja abonyeze. Simu nyingi huku kwetu zina laini mbili. Mteja ana dakika kwenye laini moja na bando la intaneti kwenye nyingine, na ni yeye anayejua ipi ni ipi. Ile nukta moja ya kuiona namba kabla ya kupiga inampa nafasi ya kuchagua laini, au ya kugundua kwamba hana salio na bora arudi aende WhatsApp. Na watoto hucheza na simu.

Kubwa zaidi lilionekana Septemba 2012, mjini Buenos Aires, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta uitwao Ekoparty. Mtafiti Ravi Borgaonkar alionyesha kwamba ukurasa wa kawaida wa intaneti wenye anwani ya `tel:` ndani yake uliweza kufuta kila kitu kwenye baadhi ya simu za Samsung, ikiwemo Galaxy S III ambayo ilikuwa bado mpya. Badala ya namba ya mtu, anwani ilibeba msimbo wa nyota na reli unaoirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, na sehemu ya kupigia simu ya wakati ule iliutekeleza bila kusubiri mtu abonyeze. Samsung waliziba tundu hilo, lakini woga wa nyota na reli haujaisha. Nyaraka za Apple nazo zimesema iPhone haijaribu kupiga anwani ya `tel:` yenye alama yoyote kati ya hizo mbili.

Hili linatuhusu kuliko linavyowahusu Wamarekani, kwa sababu sisi tunalipa kwa nyota na reli. Mwenye duka ataomba tu: "Niwekee na kitufe cha kulipa, mteja akibonyeza iandike *150*00#." Kwenye Android inawezekana, kwa masharti. Alama ya reli ndani ya anwani ina kazi nyingine, ya kutenganisha sehemu ya mwisho ya anwani, kwa hiyo ukiiandika wazi inaweza kukatwa njiani na mteja akaona `*150*00` peke yake. Inabidi iandikwe kwa msimbo wake:

```
tel:*150*00%23
```

Ukiifungua kwa `ACTION_DIAL`, mteja ataiona nyota mia moja hamsini nyota sifuri sifuri reli imekaa sawa, naye atabonyeza mwenyewe. Mteja mwenye iPhone anaweza asione kitu. Kwake weka maandishi yenye kitufe cha kunakili, na umwelekeze akabandike mwenyewe.

Msimbo huo wa `%23` unatupeleka kwenye ujumbe. WhatsApp inaruhusu anwani ibebe maneno yatakayotokea kwenye kisanduku cha kuandikia. Yanawekwa baada ya `?text=`. Mteja anaweza kuyabadilisha au kuyafuta, na hayaendi popote mpaka abonyeze kutuma. Uwezo huu mdogo ndio unaotofautisha kitufe chenye faida na kitufe cha mapambo. Bila ujumbe, muuzaji anapokea "Mambo", kisha "Ipo?", kisha picha ya skrini iliyofifia, na maswali matatu baadaye ndipo anajua kinachoulizwa. Ukiwa na ujumbe, jambo la kwanza analoliona ni spea namba ngapi, ya pikipiki gani, na mteja yuko wapi.

Tuseme mtengenezaji anataka ujumbe huu:

"Habari, naulizia spea #1182, kabureta ya Boxer 150 & usafiri wa Ifakara."

Anaubandika kama ulivyo mwishoni mwa anwani. Mteja anabonyeza, WhatsApp inafunguka, na kisanduku kina maneno "Habari, naulizia spea" basi. Kila kilichofuata kimemezwa na ile reli. Anaiondoa reli, anajaribu tena. Sasa ujumbe unaishia "kabureta ya Boxer 150", kwa sababu alama ya "&" ndani ya anwani maana yake ni kwamba maelezo ya kwanza yamekwisha na mengine yanaanza. Usafiri wa Ifakara umepotea. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionyeshi dalili ya kosa: hakuna maandishi mekundu, WhatsApp imefunguka vizuri, ujumbe unaonekana kama sentensi ya mtu mvivu. Inaweza kuendelea miezi bila mtu kushtuka, hasa ikiwa ni spea chache tu ambazo majina yake yana alama hizo, kama "cheni & sproketi".

Njia sahihi ni kuupitisha ujumbe wote kwenye kazi maalumu ya kugeuza alama kuwa misimbo kabla ya kuuambatanisha. Lugha nyingi za programu zinayo. Kwenye JavaScript inaitwa `encodeURIComponent`:

```
const ujumbe = "Habari, naulizia spea #1182\nKabureta Boxer 150\nNipo Ifakara";
const anwani = "https://wa.me/" + n + "?text=" + encodeURIComponent(ujumbe);
```

Nafasi itakuwa `%20`, reli itakuwa `%23`, mstari mpya utakuwa `%0A`, na WhatsApp itavirudisha vyote kama vilivyokuwa. Inayogeuzwa ni sehemu ya ujumbe peke yake. Wapo wanaoigeuza anwani nzima, na `https://` ikageuka kuwa kitu kisichofunguka, na wapo wanaogeuza mara mbili, wakaishia kumwonyesha mteja ujumbe uliojaa asilimia na ishirini ishirini. Ukiona `%20` kwenye kisanduku cha WhatsApp, ujue umegeuza mara mbili.

Kuhusu maneno yenyewe, nina maoni yangu. Ujumbe unatoka kinywani mwa mteja, kwa jina lake, kwa hiyo uwe maneno ambayo mteja angeyasema. Nimeona programu zinazoanza na "Mpendwa muuzaji, ningependa kupata taarifa zaidi kuhusu bidhaa yenu pendwa". Fundi wa pikipiki akiyaona hayo kwenye simu yake anayafuta yote na kuandika "oya kabureta bei gani", na namba ya spea imekwenda na maji. Mistari mitatu mifupi inatosha: nini, cha nini, wapi. Namba ya spea ikae mwanzoni.

Hitilafu ya aina ya tatu ni ile ya "kwenye simu yangu inafanya kazi". Mtengenezaji mwangalifu huona haya kumpeleka mteja WhatsApp bila kuhakikisha kama anayo. Kwa hiyo programu inauuliza mfumo kwanza: je, WhatsApp ipo? Ikiwa haipo, inaonyesha ujumbe wa kuomba radhi. Ni adabu nzuri, lakini tangu Android 11 ya mwaka 2020 swali hilo halijibiwi kwa kila anayeuliza. Google waliona kwamba programu zilikuwa zinatumia maswali kama hayo kuchunguza mteja ana programu zipi, za benki gani, za dini gani, za matibabu gani. Wakaamua kwamba programu itaziona tu zile ilizozitangaza mapema kwenye faili lake la maelezo, chini ya kipengele cha `<queries>`. Usipotangaza, jibu ni "haipo", hata kama WhatsApp iko wazi mbele ya macho ya mteja. iPhone ilitangulia na sharti linalofanana mwaka 2015, kwenye iOS 9. Huko orodha inaitwa `LSApplicationQueriesSchemes`.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: simu za zamani hazina shida, simu mpya zinasema WhatsApp haijawekwa. Mtu asiyejua sababu ataanza kulaumu aina ya simu.

Na hata aliyetangaza hujikwaa kwingine. Tangu Januari 2018 kuna WhatsApp mbili rasmi, ya kawaida na ya biashara, na kwenye Android kila moja ina jina lake la ndani, `com.whatsapp` na `com.whatsapp.w4b`. Aliyeandika programu yake ifungue ile ya kwanza tu atamkosa mama lishe anayetumia ya biashara peke yake, na wapo wengi.

Ushauri wa wenye uzoefu ni kuacha kuuliza. Tumia anwani ya `https://wa.me/`, jaribu kuifungua, na ushughulikie kushindwa kukitokea. Anwani ya aina hiyo ina faida ambayo ile nyingine ya `whatsapp://send` haina: ni anwani ya kawaida ya intaneti. Penye WhatsApp yoyote kati ya mbili, mfumo unaikabidhi huko. Penye zote mbili, mteja anaweza kuulizwa achague. Pasipo na yoyote, kivinjari kinafungua ukurasa wa WhatsApp unaomweleza mteja namna ya kuipata. Mteja aliye kwenye kompyuta naye anapewa njia ya kuendelea. Hakuna anayeachwa anatazama kitufe kilichonyamaza.

Isipokuwa kundi moja, na kwa bahati mbaya ni kundi kubwa. Programu nyingi za maduka madogo si programu kamili. Ni tovuti ya duka iliyowekwa ndani ya dirisha la kivinjari lisilo na upau wa anwani, kisha ikapewa nembo na kupandishwa Play Store. Hakuna ubaya, ni rahisi na inatosha. Ila dirisha hilo, liitwalo WebView, linajua kufungua kurasa tu. Ukilipa `tel:` au `whatsapp://` linatoa ukurasa mweupe wenye maneno haya:

```
net::ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME
```

Hata anayetumia `wa.me` huishia hapo, kwa sababu dirisha linaufungua ukurasa wa WhatsApp ndani yake lenyewe, na ukurasa ule ukijaribu kuiita WhatsApp kwa anwani ya `whatsapp://` unagonga ukuta ule ule. Tovuti hiyo hiyo ikifunguliwa kwa Chrome inafanya kazi bila tatizo, na hapo ndipo mtu huchanganyikiwa. Tiba yake ni mistari michache inayozikamata anwani hizo kabla dirisha halijazigusa na kuzikabidhi kwa mfumo:

```
override fun shouldOverrideUrlLoading(v: WebView, r: WebResourceRequest): Boolean {
    val u = r.url
    if (u.scheme == "tel" || u.host == "wa.me") {
        startActivity(Intent(Intent.ACTION_VIEW, u))
        return true
    }
    return false
}
```

Kuwekwa kwa majina mawili tu, `tel` na `wa.me`, ni makusudi. Ukiruhusu kila anwani ngeni itoke, tangazo lolote litakaloingia kwenye tovuti yako litaweza kumrusha mteja kokote litakako. Na `startActivity` ikumbukwe kuwekewa kinga, maana kwenye kishikwambi kisicho na sehemu ya kupigia simu hakuna wa kulipokea ombi, na programu itafunga ghafla.

Baada ya kukabidhi, programu ya duka haijui kitu tena. Hili huwasumbua wenye maduka wanaopenda hesabu. "Wiki hii watu wangapi wamenipigia?" Programu inaweza kuhesabu mibonyezo ya kitufe, basi. Haijui kama simu ilipokelewa, kama mteja aliitazama namba akaghairi, wala kama ujumbe ulitumwa au ulifutwa. Aliyebonyeza mara tatu kwa sababu mtandao ulikuwa unasuasua anahesabiwa mara tatu. Anayetaka kujua kweli atazame upande wa pili: ahesabu kwenye WhatsApp ya duka ni jumbe ngapi zimekuja na namba ya spea ya mwanzoni, kwa sababu mwandiko ule hautoki kwingine ila kwenye programu. Kwa simu za sauti njia nyepesi ni kutenga laini moja iwe ya programu peke yake.

Mteja naye ana lake la kujua. Akiwa ndani ya programu anatazama bila kujulikana; akituma ujumbe wa WhatsApp, duka limepata namba yake, na picha na jina lake kama ameziacha wazi. Mwenye duka muungwana hamwingizi kwenye kundi la matangazo kwa sababu tu aliuliza bei.

Limebaki la namba inapobadilika. Laini inapotea, au mwenye duka anahamia mtandao mwingine bila kuihama namba yake. Kama namba iliandikwa ndani ya programu yenyewe, kila mteja ambaye hajasasisha bado ana kitufe kinachoelekea kwenye laini ya zamani, na laini zilizolala muda mrefu mitandao huzigawa upya kwa watu wengine. Mtu huyo mpya ataanza kuulizwa bei za kabureta, na akiwa mjanja mwenye nia mbaya, atazitaja na kuomba malipo ya awali. Namba ikae kwenye seva ya duka, programu iisome kila inapofunguka, na mwenye duka awe na ukurasa wa kuibadilisha mwenyewe bila kumsubiri kijana aliyemtengenezea. Ukurasa huo huo uwe na vitufe viwili vya kujaribia, ili akiisha kuibadilisha aibonyeze papo hapo, kwa simu ya mtu mwingine, aone inaita wapi.